Mteja wa Kwanza kutoka Ng'ambo: Mwongozo kwa Msusi wa Nairobi

Ukikaribia Kenyatta Market kutoka upande wa Barabara ya Mbagathi, huna haja ya kuuliza wasusi wako wapi. Watakufuata wenyewe. "Kusukwa, dada? Njoo uangalie, tuko na rangi zote." Dakika chache baadaye mteja ameonyeshwa picha kwenye simu, ameshika nywele kwa mkono wake, ametajiwa bei, amepunguziwa, na ameketi. Kina dada watatu au wanne wanamzunguka, kila mmoja na upande wake wa kichwa, na kabla ya jioni anatoka amesukwa.

Mgeni aliye hotelini Westlands, au ambaye hata hajapanda ndege, hapati lolote kati ya hayo. Hajakuona, hajazishika nywele zako, na hana wa kumwambia kama shilingi 5,000 ni bei nzuri au ya kuibiwa. Kwa hiyo tovuti ya msusi inayoleta mteja wa kigeni haihitaji madoido. Inahitaji kujibu kwa maandishi yale ambayo mteja wa sokoni huyaona kwa macho: bei ni ngapi pamoja na nywele, kazi itachukua muda gani, mikono mingapi itakuwa kichwani mwangu, ni mahali gani hasa, na nitalipaje. Ukurasa mmoja unatosha.

Nitaeleza kwa kumfuata msusi mmoja wa mfano. Ana chumba kidogo cha kusukia Kawangware, karibu na zinapogeuzia matatu za 46, na msaidizi mmoja. Wateja wake hadi sasa ni wa mtaani, na wachache wanaovuka kutoka Lavington. Anasuka matuta, twende kilioni, na rasta za kila aina, lakini sifa yake iko kwenye zile zisizo na fundo, ambazo msusi huanza na nywele za mteja mwenyewe kisha akaongeza za dukani kidogo kidogo. Hizo ndizo wageni huzitafuta, na kwenye Google huziandika `knotless braids`.

Anza na bei

Kosa linalopoteza wageni wengi ni ukurasa uliojaa picha nzuri na mwisho wake maneno "piga simu ujue bei". Mteja wa hapa atapiga. Mgeni ataona kwamba bei itategemea lafudhi yake, naye ataufunga ukurasa. Andika bei moja, kamili, iliyojumlisha nywele.

Ili uweze kuisimamia bei hiyo, ijenge kutoka chini. Chukua rasta za wastani zinazofika kiunoni. Msusi wetu anajua kwamba kichwa cha kawaida kwake hula paketi 6 za nywele zilizokwisha kuchambuliwa ncha. Tuseme kwenye maduka ya vipodozi ya Barabara ya Dubois, kule karibu na River Road, anazipata kwa 350 kila moja. Hizo ni 2,100. Msaidizi wake hulipwa 1,000 kwa kichwa. Jeli, mafuta na umeme wa kuchemshia maji, 200. Kazi ya mikono yake mwenyewe anaipa 2,000. Jumla ni 5,300, na ndiyo anayoiandika. Hesabu yako itakuwa tofauti, lakini itunze ikiwa imegawanywa hivyo hivyo, kwa sababu nywele zikipanda bei dukani utajua ni tarakimu gani ibadilike, na mteja akiomba upunguze utajua unapunguza kutoka mfuko wa nani.

Kishawishi cha kuweka bei ya wageni kitakuja. Utasikia kwamba kazi kama hiyo Marekani mara nyingi hupita dola 200, na mkono utakuwasha kuandika 15,000. Usifanye hivyo. Mgeni hakai peke yake Nairobi. Kesho yake atakuwa ofisini au mezani na Wakenya, nao watamsifu, watamuuliza ametoa ngapi, kisha watatazamana. Ukitaka kupata zaidi kwake, muuzie kitu ambacho kweli anakihitaji kuliko jirani yako: kumfuata alikofikia, au kumsuka Jumapili alfajiri kwa kuwa Jumatatu ana mkutano. Msusi wetu ameandika kwamba kwenda Westlands, Kilimani au Lavington ni shilingi 1,500 juu ya bei ya kawaida, nauli ya watu wawili na mizigo ikiwamo. Mkenya akitaka huduma hiyo analipa hiyo hiyo.

Pamoja na bei, taja rangi kwa namba. "Kahawia" yako na ya mwanamke wa Manchester si moja, lakini 1 ni nyeusi tititi, 1B ni nyeusi iliyofifia kidogo, 27 ni ya asali, na yeyote aliyewahi kununua nywele za kusukia anazijua namba hizo. Hata hivyo kampuni hazilingani kabisa, kwa hiyo kabla ya kununua mtumie mteja picha ya paketi uliyoipiga nje, penye mwanga wa jua. Taa ya dukani hudanganya.

Ukurasa wenyewe

Huu hapa ukurasa wote wa msusi wetu, ukiondoa picha nyingine, orodha ndefu ya mitindo, na maelezo ya mahali, malipo na kufuatwa. Umeandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mgeni ataitumia kutafuta.

```html
<!DOCTYPE html>
<html lang="en">
<head>
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<title>Knotless braids, Kawangware and Westlands, Nairobi</title>
</head>
<body>
<h1>Knotless braids in Nairobi</h1>
<p>Medium, waist length: KSh 5,300, hair included.
About 5 hours, two braiders.</p>
<img src="medium.jpg" style="max-width:100%"
 alt="Medium knotless braids, colour 1B">
<p><a href="https://wa.me/2547XXXXXXXX">WhatsApp</a></p>
</body>
</html>
```

Mstari wenye `viewport` ndio unaofanya maandishi yasomeke kwenye simu. Ukiuacha, mteja ataona ukurasa mdogo kama stempu. Mstari wa `title` ndio Google huutumia mara nyingi kama kichwa cha tokeo, kwa hiyo weka kazi na mtaa, si jina la biashara peke yake. Mtu asiyekujua hatatafuta jina lako.

Mahali penye hatari zaidi ni namba ya simu. Sisi tumezoea kuandika 07, na kwenye bango la Kawangware hiyo inatosha. Mgeni akiipiga kutoka nje haiendi popote. Kwenye kiungo cha `wa.me` namba huanza na 254 moja kwa moja: bila sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Ukiandika `wa.me/07` na kuendelea, WhatsApp itamwambia mteja kwamba namba si sahihi, naye hatakutafuta kukueleza. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine ambaye hajahifadhi namba yako, kwa sababu simu yako haiwezi kukuonyesha anachokiona mgeni.

Faili hilo lihifadhi kwa jina `index.html`. Unaweza kuliweka bure kwenye GitHub Pages, ambako utapewa anwani inayoishia na `github.io`. Jina lako mwenyewe la `.co.ke` hulipiwa kila mwaka kwa wakala aliyesajiliwa na KeNIC. Si lazima siku ya kwanza. Lililo la lazima zaidi ni kujiandikisha kwenye Google Business Profile, bure, ili uonekane kwenye ramani, kwani mgeni aliye Westlands hutafuta kwa ramani kabla ya kitu kingine. Andika humo jina, namba na saa za kazi zilezile zilizo kwenye ukurasa.

Picha ni zako, vichwa ni vya wenyewe. Picha tano ulizopiga kwa mkono wako mlangoni, asubuhi, zina nguvu kuliko hamsini ulizochukua Instagram, maana mgeni amekwisha kuziona hizo hamsini kwingine. Onyesha mgawanyo wa nywele kichwani kwa karibu. Msusi hujulikana hapo, kwenye unyoofu wa mistari. Kila picha ipunguze ibaki chini ya kilobaiti 200, kwa sababu mgeni anayetumia laini ya kwao hulipia bando kwa uchungu. Na uwe na idhini ya mteja kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa WhatsApp unaosema anakubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, nayo hutumika: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Picha ya kisogo, isiyo na uso, hukupunguzia wasiwasi mwingi na huonyesha rasta vizuri zaidi.

Ujumbe unapoingia

Sasa msusi wetu amelala, na simu inalia saa saba usiku. Ni mwanamke wa Manchester. Anakuja Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili, atafikia Westlands, ameona ukurasa, na anauliza kama Jumamosi kuna nafasi. Kwao ni saa nne au saa tano usiku tu: Nairobi iko mbele ya Uingereza kwa saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa kiangazi. Asubuhi msusi anaona ujumbe, na hapa ndipo wengi huandika "Karibu sana dear" na kusubiri. Jibu la kwanza lapaswa kumaliza kazi. Msusi wetu anamwambia Jumamosi ipo, anarudia bei na muda, kisha anauliza mambo manne: atume picha ya nywele zake za sasa, mbele na pembeni, aseme kama ana dawa au rangi kichwani, aseme kama nywele za dukani humwasha, na aseme siku na saa ya ndege ya kurudi.

Kila swali lina kazi yake. Picha ya pembeni huonyesha hali ya nywele za kandoni, na kwa mgeni huyu zimeanza kukatika, matokeo ya rasta nzito za zamani. Kuwashwa ni jambo la kujua mapema kwa sababu dawa yake huchukua usiku mzima: nywele za dukani hulowekwa kwenye maji yenye siki nyeupe kidogo, husuuzwa na kuanikwa zikauke kabla ya kusukwa. Ukiambiwa asubuhi ya kazi umechelewa. Na ndege, kwa kuwa mteja anayeruka usiku wa Ijumaa hapaswi kusukwa Ijumaa hiyo. Barabara ya Waiyaki ikifunga, atatoka kitini nusu ya kichwa ikiwa wazi. Mpe angalau siku moja katikati.

Saa mwandikie kwa tarakimu: `9:00 am Nairobi time`. Ukisema saa tatu, nusu ya wageni wataitafsiri kuwa tatu ya alasiri, na utakaa na msaidizi unayemlipa mkiitazama barabara.

Malipo ya mwanzo omba sawasawa na gharama ya nywele, hapa 2,100. Ndicho kiasi unachopoteza asipokuja, hasa ikiwa amechagua rangi ambayo mtaani kwako haitoki. Sababu hiyo mweleze wazi, mtu huelewa. Akiwa bado ng'ambo, anaweza kutuma kwa huduma kama WorldRemit ambayo huingiza fedha kwenye M-Pesa. Mpe jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye usajili wa laini, si jina la saluni wala la utani, la sivyo malipo yanaweza kukwama. Njia nyepesi zaidi ni mwenyeji wake wa Nairobi kukulipia kwa M-Pesa. Akishafika, mgeni anaweza pia kusajili laini ya hapa kwa pasipoti yake na kujiunga na M-Pesa. Salio alipe kwa shilingi siku ya kazi. Dola zikatae kwa upole. Hutaki kubishana kuhusu kiwango cha kubadilisha na uzee wa noti huku mteja amekwisha kusukwa.

Ujumbe mwingine utakuja pia, na huu ujue kuutambua. Mtu anataka asukiwe wasichana sita kwa ajili ya harusi. Hataji mtindo, rangi wala urefu. Swali lake ni kama unapokea kadi. Kisha anasema atakulipa zaidi ya bei, nawe kile kinachozidi umtumie dereva atakayewaleta. Dereva huyo ndiye mwizi. Malipo ya kadi iliyoibwa hurudishwa kwa mwenyewe baada ya siku kadhaa, lakini zile fedha ulizotuma hazitarudi. Mgeni wa kweli huzungumza habari za nywele zake hadi akuchoshe, na hakuna mteja wa kweli anayekufanya wakala wa kulipa watu wengine.

Kichwa kikiwa mbele yako

Mteja wetu amechagua kufuatwa Westlands. Muombe mapema aache jina lako na la msaidizi getini. Walinzi wa maghorofa ya huko huchukua vitambulisho na hupiga simu nyumbani, na nusu saa inaweza kuishia hapo. Beba nywele, vichanio, taulo mbili na jagi lako.

Kwenye ukurasa uliandika wasusi wawili. Maneno hayo si ya kujaza nafasi. Wageni wengi kwao husukwa na mtu mmoja kutwa nzima, na wakishtukia mikono minne kichwani hujiona wamevamiwa. Huyu alijua, kwa hiyo anaketi ametulia. Kinachobaki ni mikono miwili tofauti isikaze tofauti. Msaidizi aanze kisogoni, msusi mkuu achukue mbele na kandoni, na kila baada ya mistari kadhaa wabadilishane kuangalia kama ukubwa wa vigawanyo unalingana.

Kwa nywele za kandoni zilizokatika, msusi wetu anafanya uamuzi ambao unamgharimu urembo kidogo: anaacha malaika nje kabisa, anaanza rasta nyuma kidogo ya mstari wa nywele, na mbele anatumia nywele chache za dukani ili uzito upungue. Kukaza ndiko kunakoua nywele za kandoni, na kukirudiwa mwaka baada ya mwaka nywele hizo huenda zisiote tena. Dalili huonekana mteja akiwa bado kitini: ngozi inang'aa na kuvutwa, vipele vidogo vinatokeza kwenye mashina, akiinua nyusi anaumia. Tumezoea kumpa mteja Panadol na kumwambia avumilie hadi kesho. Naamini tabia hiyo inapaswa kwisha kwa wateja wetu wote, wa Kawangware kwa wa Manchester. Mfundishe mteja kusema mapema, na akisema, fumua rasta hiyo uianze upya. Ni dakika mbili.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye ajali. Ncha hutumbukizwa kwenye maji yanayotoka kuchemka ili zisifumuke, na rasta ndefu zikitolewa hudondosha maji hayo mgongoni. Funika mabega kwa taulo nene, tumbukiza fungu dogo kwa wakati, likamue kwa taulo ya pili kabla ya kuliachia. Mteja akae wima, jagi liwe chini ya usawa wa kiti, na watoto wa nyumba watoke chumbani. Usichome ncha kwa kiberiti ndani ya nyumba ya mtu. Harufu ya plastiki hubaki kwenye mapazia.

Kabla hujaondoka, mwambie rasta zisipite wiki 6 hadi 8, na mwonyeshe jinsi ya kuzifumua bila kukata nywele zake, kwa kuwa kwao huenda asiwe na wa kumsaidia. Piga picha ya kisogo akikubali, na umtumie hapo hapo pamoja na kiungo cha kuandika maoni kwenye Google Business Profile. Akiyaandika jioni hiyo atataja mtaa, mtindo na bei kwa maneno yake mwenyewe, na mgeni anayefuata atayasoma kabla ya ukurasa wako. Kisha rudi kwenye mazungumzo yenu ya WhatsApp uyapitie. Kabla ya kuchagua kufuatwa, mteja huyu aliuliza mara mbili kama choo kipo kule Kawangware na kama anaweza kuchaji simu. Yote mawili yapo. Yaandikwe kwenye ukurasa usiku huo huo.